Mrejesho: meseji ya kumwomba radhi mjomba

Niliuliza: "Nimejibizana na mjomba kwenye kikao cha sendofu ya dada, nimwandikie kwa heshima au kiutani kama tulivyozoea?"

Wakuu nimerudi. Ile ya kwanza niliyotaka kutuma ilikuwa "anko mambo, sori kwa juzi bana 😂", nikaifuta, maana hapo ningekuwa kama nachekelea. Nikaandika nyingine, ndefu, "napenda kuchukua fursa hii", mke wangu akasoma akasema hii barua ya kuacha kazi, mjomba atajua umemsusa.

Mwishowe nikatuma "Shikamoo mjomba" tu, nikatulia. Masaa mawili kimya, tiki za bluu naziona kabisa, nikasema basi imekula kwangu, ndo ikaja "Marahaba". Kavu, bila "mjomba wangu" yake ya siku zote, ila mlango ulifunguka. Nikaandika: "Mjomba naomba unisamehe, nilikujibu vibaya mbele za watu." Ile "kama nimekukosea" niliitoa, ingekuwa namwambia hata kosa silijui, na ya michango sikuigusa kabisa.

Akajibu "yameisha, njoo Jumapili ule ugali". Utani ameanza mwenyewe, kaniita mheshimiwa mwenyekiti 😂