Amezima matangazo ya video kila mahali kwa sababu dashibodi imesema "24"

Mleta uzi: KaziYaNamba

Wakuu, yule bwana mnamjua, yule wa "namba hazidanganyi". Leo kikaoni kasimama, kaonyesha kidole kwenye skrini: "Video imeleta mauzo 24 kwa wiki. 24! Zimeni." Wakazima. Mikoa yote, siku moja.

24! Hiyo ni hesabu ya waliobofya tangazo la video na kununua hapohapo. Nani anaacha anachotazama ili abofye? Mtu anaona tangazo leo, keshokutwa anaandika jina la chapa kwenye Google, anabofya tangazo la juu, ananunua. Dashibodi inampa sifa mbofyo wa mwisho. Video inalima, utafutaji unavuna, halafu mkulima anafukuzwa shamba!

Na angezima nusu ya mikoa tu, tungekuwa na cha kulinganisha. Kazima yote. Kwa ajili ya 24!

Mzee_wa_Vipimo: Punguza moto, bado kipimo kinawezekana, ila kwa kukigeuza. Kwanza subiri utafutaji wa jina la chapa ushuke hadi utulie. Watu bado wanalikumbuka tangazo, kwa hiyo ukianza mapema msingi wako utakuwa umevimba. Kisha gawa mikoa makundi mawili ambayo mauzo yake hupanda na kushuka pamoja. Andika uwiano wao wakati video imezimwa, halafu washa kundi A peke yake kwa wiki 4 au zaidi. Bei, punguzo na bajeti ya utafutaji visiguswe.

Mfano wa hesabu: video ikiwa imezimwa, A inauza 800 kwa wiki na B 1,000, yaani A ni 0.80 ya B. Ukiwasha A, B inafika 1,050. Bila video A ingetarajiwa kufika 840. Ikifika 984, ziada ni 144. Sasa tazama hizo 144 zimeingilia mlango gani: 24 mbofyo wa video, 84 utafutaji wa jina la chapa, 36 maduka ya wauzaji wengine. Hizo 36 dashibodi yenu haizioni kabisa.

KaziYaNamba: 144! Na yeye kasimama na 24 yake!

Mzee_wa_Vipimo: Huo ni mfano, usiupeleke kikaoni kama matokeo. Na hizo 84 zihamishe, usiziongeze. Kama utafutaji unaonyesha 300 kundi A, baki na 216 kwake. Ukiacha 300 huku na kuandika 84 kule, jumla itazidi mauzo halisi, na fedha watakukamata mara moja.

Bi_Redio: Mbona mnajitesa? Sisi wa redio tunaangalia utafutaji dakika 10 baada ya tangazo, tunatoa wastani wa dakika hizo siku ambazo tangazo halipo. Kinachobaki ni chetu.

Mzee_wa_Vipimo: Nusu umepatia, dada. Njia hiyo inafaa kulinganisha saa na vituo. Ila anayesikia asubuhi akiwa njiani na kutafuta usiku humwoni, na anayetafuta si lazima anunue.

Bi_Redio: Lakini kipimo chako cha mikoa kinavuja! Mtu anaishi B, anafanya kazi A.

Mzee_wa_Vipimo: Kweli, na uvujaji unafanya athari ionekane ndogo kuliko ilivyo. Chagua mikoa isiyopakana ukiweza.

Tulia_Kidogo: Mleta uzi una jazba sana. Kwa hiyo tuzidishe 24 mara 6 kila mwezi?

Mzee_wa_Vipimo: Hapana. Mara 6 ni ya bajeti ile na tangazo lile. Ukiongeza bajeti maradufu, watazamaji walewale wanaonyeshwa tena na tena, ziada haiongezeki kwa kasi ileile. Pima upya.

Kuponi_Imenichosha: Hayo ni yaleyale ya tovuti za kuponi! Mteja kashafika kwenye kulipa, anatafuta kuponi, wanadaka kamisheni.

KaziYaNamba: Siyo yaleyale. Huku video inaleta mteja mpya na sifa inapotea.

Kuponi_Imenichosha: Mwizi ni yuleyule, mbofyo wa mwisho. Mwaka 2012 eBay walizima matangazo ya jina lao kwenye Yahoo na MSN, na karibu mibofyo yote ikaingia kupitia matokeo ya bure.

Bi_Redio: Hao ni eBay, kila mtu anawajua. Chapa ndogo ikizima, mshindani anakaa juu ya jina lake.

Tulia_Kidogo: Mnasahau watu wa barua pepe. Wanatuma kwa wateja wote siku ya punguzo, kisha kila aliyenunua wanasema ni wao.

Kuponi_Imenichosha: Hao ndio wabaya kuliko wote! Fungua uzi wao, nakuja.

KaziYaNamba: Jamani, na 24 yangu?