Ruzuku ya mashine ya alizeti: odita kaikata yote kwenye mapato, yuko sahihi?

alizeti_sgd
Wakuu naombeni msaada kabla sijagombana na bosi. Natunza vitabu vya kiwanda, tunakamua alizeti hapa Singida. Mwaka jana mwezi wa 4 serikali ilituingizia ruzuku ya milioni 48 ya kununulia mashine, mashine yenyewe milioni 120, zilizobaki tukajazia wenyewe. Ikafungwa na kuanza kazi tarehe 1 mwezi wa 10, tunategemea itatupeleka miaka 8 halafu ni chuma chakavu. Mimi ile 48 niliiweka yote kwenye mapato, faida ikapanda, bosi akaanza kuongelea gawio, sasa odita kaja juzi kaitoa yote anasema ni mapato yaliyoahirishwa, yakae upande wa madeni. Deni la nani wakati hatulipi?? Mwaka wetu unaishia 31 Desemba.

jembe_halilali
Odita anawazingua. Pesa ya bure hiyo iweke kwenye mtaji yaishe.

leja_nyekundu
Mtaji hapana mkuu, mtaji ni pesa ya wenye kampuni na serikali hapo haijanunua hisa. Odita yuko sahihi kama mnafuata IAS 20, ile kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa ruzuku za serikali. Fikiria hivi, mashine itakula faida yenu kwa uchakavu miaka 8, sasa ruzuku iliyokuja kuipunguzia makali hiyo mashine iweje ionekane mwaka mmoja tu halafu miaka 7 mbele mbebe uchakavu peke yenu? Kwa hiyo pesa ilipoingia ni debiti benki 48, krediti mapato yaliyoahirishwa 48. Baada ya hapo kila mwaka unamega kipande unakipeleka kwenye faida na hasara. Uchakavu ni 15 kwa mwaka, ruzuku unayomega ni 6, mzigo halisi unabaki 9.

mama_mbegu
Hata sisi kikundi chetu tulipewa ruzuku ya mbolea msimu uliopita, kwa hiyo na sisi tugawe miaka 8?

leja_nyekundu
Hapana dada, mbolea imeshaisha shambani. Ruzuku inaifuata gharama yake, mbolea mliyoitumia msimu huo na ruzuku yake inaingia msimu huohuo.

mhasibu_mtaani
Mbona mnajipa kazi, toa tu 48 kwenye bei, mashine iandike 72, gawa kwa 8 unapata uchakavu wa 9. Jibu lilelile na hakuna cha kuahirisha.

leja_nyekundu
Faida ni ileile kweli na IAS 20 inaruhusu. Ila mashine itaonekana ya 72 wakati ni ya 120. Na odita wake keshachagua njia ya kwanza, asimchanganye.

alizeti_sgd
Nimeanza kuelewa. Nimepiga hesabu, pesa iliingia mwezi wa 4 kwa hiyo miezi 9, nimemega milioni 4.5, imebaki 43.5. Sawa?

leja_nyekundu
Hapo ndo wengi wanateleza. Kumega kunaanza mashine inapoanza kuchakaa, sio pesa inapoingia. Ni miezi 3 tu, uchakavu 3.75 na ruzuku 1.5. Kuna kipimo changu cha haraka, ruzuku ilikuwa asilimia 40 ya bei, basi salio lake nalo liwe asilimia 40 ya thamani ya mashine iliyobaki vitabuni. Mashine imebaki 116.25, ukiweka 43.5 yako inakuja 37 na ushee, ujue kuna kitu. Ukiweka 46.5 inakaa 40 kamili. Kwenye mizania igawe, 6 ya mwaka ujao kwenye madeni ya muda mfupi, 40.5 ya muda mrefu.
Swali, barua ya ruzuku ina masharti?

alizeti_sgd
Ndio, mashine isihamishwe wilayani wala kuuzwa miaka 5, tukikiuka tunarudisha yote.

leja_nyekundu
Basi mkija kuirudisha, inakula kwanza salio lililobaki la mapato yaliyoahirishwa, kinachozidi ni gharama ya mwaka huo. Hamrudi kurekebisha miaka ya nyuma.

mhasibu_mtaani
Subirini kwanza, kiwanda chenyewe kinafuata viwango vya kimataifa vya IFRS kamili, vyenye hiyo IAS 20, au IFRS ya SME, ile ya biashara ndogo na za kati? Maana ya SME haina hii ya kumega kwa umri wa mashine, sharti likitimia ruzuku yote inaingia mapato.

leja_nyekundu
Hapo umenikamata, nilipaswa kuuliza mwanzo. Kwa SME ubishi unahamia kwenye lile sharti la miaka 5, kuna watakaosema 48 yote ikae deni mpaka miaka ipite, kuna watakaosema kutouza sio kazi ya kutimiza, mashine ikinunuliwa imeisha. Mimi niko na wa kwanza ila nimeona maodita wakitofautiana.

jembe_halilali
Na TRA je?

leja_nyekundu
Kodi ina hesabu zake, usichukue hii ya vitabu ukaihamisha kama ilivyo. Fungua uzi mwingine.

alizeti_sgd
Ripoti ya mwaka juzi imeandikwa IFRS tu, haisemi SME, nampigia odita kesho. Shida ni bosi, gawio keshamuahidi mdogo wake.

mama_mbegu
Pole kaka 😂