Ushauri wa haraka: mauzo yamekosa bajeti, nigawanyeje pengo kati ya soko na sisi wenyewe?

Mhesabu Mchovu (mwenye uzi):
Wakuu, heshima kwenu. Niko kitengo cha hesabu kwenye kampuni inayouza pampu ndogo za maji, aina moja tu. Bajeti ya mwaka ilisema tutauza 60,000, tumeuza 48,600. Pengo ni pampu 11,400, na kila pampu ilitarajiwa kuleta mchango wa 20 (sarafu mniachie), kwa hiyo tumekosa 228,000. Keshokutwa wakurugenzi wanataka kujua kiasi gani kimetokana na soko kusinyaa na kiasi gani tumenyang'anywa na washindani. Hesabu nimeshapiga, soko limebeba zaidi ya nusu. Naomba tu namna ya kuliandika hilo bila kuonekana namtetea meneja mauzo.

Mtu wa Mauzo:
Mwaka juzi mimi nilichanwa mbele za watu kwamba nimepoteza sehemu ya soko. Stoo ilikuwa tupu wiki kadhaa, wateja wanapiga simu, sina cha kuwapa, wakaenda kwa jirani. Kwenye ripoti ikasomeka mauzo wamelala. Aliyechelewesha kuagiza mzigo hakuulizwa hata swali moja. Nyie watu wa hesabu mna dhambi.

Kipepeo Mweusi:
Andika ukweli ulale usingizi. Kazi zipo nyingi, jina zuri ni moja.

Bi Mizania:
Mwenye uzi, hujaweka kitu cha maana. Soko zima lilikadiriwa kuwa pampu ngapi, na limeishia ngapi?

Mhesabu Mchovu:
Bajeti 400,000, yaani sisi tulipangiwa asilimia 15. Limeishia 360,000, na kwa mauzo yetu ni asilimia 13.5.

Kalamu Nyekundu:
Rahisi hiyo. Soko limepungua 40,000, zidisha kwa asilimia yenu ya sasa 13.5, unapata 5,400. Sehemu imeshuka asilimia 1.5, zidisha kwa soko la bajeti 400,000, unapata 6,000. Jumla 11,400, imekubali. Kwa hiyo zaidi ya nusu ni nyie wenyewe, siyo soko. Bodi haitabisha.

Bi Mizania:
Kalamu, jumla kukubali haithibitishi kitu, ingekubali hata ukizigeuza. Umezigeuza kweli. Soko linapopungua swali ni hili: tungekosa kiasi gani kama tungeshika asilimia tuliyopangiwa? Hapo ni 40,000 kwa asilimia 15, pampu 6,000. Ukija kwenye sehemu ya soko, meneja anapimwa kwa soko alilolikuta, siyo lile la kwenye makaratasi: asilimia 1.5 ya 360,000, pampu 5,400. Kuna pampu 600 zinazohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kutegemea unaanzia wapi, na kwa utaratibu uliozoeleka zinampunguzia mzigo meneja. Si haki kumdai wateja ambao hawakuwepo sokoni.

Kwa namba hizo mwenye uzi yuko sawa: 6,000 soko, 5,400 sisi. Ila namba zenyewe ndizo zinanitia wasiwasi. Hiyo 400,000 ilitoka wapi, na hiyo 360,000 ilitoka wapi?

Mhesabu Mchovu:
Zote ni za soko la pampu, mama.

Bi Mizania:
Sijauliza za nini. Nimeuliza nani alihesabu, na alihesabu nini.

Mhesabu Mchovu:
Sawa. Ya bajeti ilitengenezwa na idara ya mauzo. Iliingiza na pampu zilizotumika zinazofanyiwa ukarabati na kuuzwa tena, kama 25,000 hivi. Ya mwisho wa mwaka ni ripoti ya umoja wa wauzaji, na wao wanahesabu mpya tu. Lakini hilo nililiona dogo, ni kama asilimia 6 ya soko. Na bajeti imeshasainiwa, siwezi kuigusa.

Mtu wa Mauzo:
Hahahaaa! Kumbe 25,000 kati ya hizo 40,000 "zilizopotea" hazikuwahi kuhesabiwa.

Bi Mizania:
Ndiyo kiini cha uzi mzima. Na bajeti haiguswi, 60,000 inabaki 60,000. Kinachobadilika ni soko unaloilinganisha nalo. Toa zilizotumika, soko la bajeti linakuwa 375,000 na sehemu mliyopangiwa inakuwa asilimia 16. Soko limepungua 15,000 kwa asilimia 16, ni pampu 2,400. Sehemu imetoka 16 hadi 13.5, asilimia 2.5 ya 360,000 ni 9,000. Jumla ni ileile 11,400, lakini habari imegeuka: soko 48,000 za mchango, sisi 180,000. Udogo wa asilimia 6 umeishia hapo.

Kalamu Nyekundu:
Basi mimi nilikuwa karibu na ukweli kuliko mwenye uzi 😂

Bi Mizania:
Kwa njia isiyo sahihi, ndiyo.

Mhesabu Mchovu:
Rasimu bosi ameshaiona na ameipenda. Nikibadilisha sasa nitaonekana nimegeuzwa na mtu. Halafu pampu zilizotumika zinatuchukulia wateja kweli, kwa nini nizitoe?

Bi Mizania:
Hoja hiyo ina uzito, ila inakata kotekote. Kama ni washindani wenu, waache ndani, lakini pande zote mbili. Tafuta zilizotumika ziliuzwa ngapi mwaka huu uziongeze kwenye 360,000. Zikibaki 25,000 soko ni 385,000, upungufu wa soko kwenu ni 2,250 tu. Zikiwa zimepanda hadi 40,000, soko halijapungua hata kidogo, na pengo lote la 11,400 ni la sehemu ya soko.

Pembe Nne:
Wakuu, hamjashtuka? 15 kamili, 16 kamili, 13.5 kamili, 360,000 kamili. Kampuni gani duniani inaishia namba zilizonyooka hivi? Hili ni swali la mtihani limevalishwa nguo. Chai ya moto hii, mnamfanyia dogo zoezi la chuo.

Kipepeo Mweusi:
Hata mimi nilihisi. "Keshokutwa" ni tarehe ya kukusanya kazi.

Mhesabu Mchovu:
Ningeweka namba halisi mngeijua kampuni ndani ya dakika tano. Nimezinyoosha. Uwiano ni wetu.

Pembe Nne:
Swali la mtihani lingekuambia soko ni ngapi halafu basi. Hapo tu ndipo nakupa nusu alama. Nusu nyingine nimebaki nayo.

Mtu wa Mauzo:
Chai au siyo chai, swali langu halijajibiwa. Hizo 9,000 za "sehemu ya soko" nani kasema ni za mauzo? Mwenye uzi, stoo yenu iliwahi kukauka? Bei mlipandisha?

Mhesabu Mchovu:
Bei ilipanda katikati ya mwaka. Haikuwa uamuzi wa meneja.

Bi Mizania:
Unatutolea vitu kimoja kimoja kama mganga. Kama bei ilipanda, kila pampu iliyouzwa baada ya hapo ina ziada inayokaa kwenye mstari mwingine wa ripoti, tofauti ya bei, na huko inang'aa. Hasara ya wateja waliokimbia iko huku kwenye 9,000. Iweke mistari hiyo miwili ukurasa mmoja. Halafu chukua mauzo ya mwezi kwa mwezi uone sehemu ilianza kushuka kabla au baada ya bei mpya. Ikianza kabla, bei haina kesi.

Mhesabu Mchovu:
Ripoti ya umoja wa wauzaji inatoka kwa robo mwaka, siyo kwa mwezi. Na bei ilipanda katikati ya robo.

Mtu wa Mauzo:
Basi bosi atachagua anachokipenda.

Bi Mizania:
Robo ya kwanza unayo, haijaguswa na bei. Anza nayo. Sehemu yenu ilikuwa ngapi?

Pembe Nne:
Akisema 16 kamili naondoka.