Lori moja Dar–Dodoma: tripu mbili au tatu kwa wiki?

Tajiri Mpya wa Mbagala: Wakuu naombeni msaada, nina semi moja inapeleka saruji Dodoma, tani 30. Dereva ananiambia tripu mbili kwa wiki ndo mwisho, jamaa mwingine mwenye magari ananiambia tatu. Kilomita 450 tu jamani, nani ananidanganya?

Mzee wa Chalinze: Tatu zinawezekana, mi gari zangu zinapiga tatu. Dodoma unaondoka usiku unafika asubuhi, unashusha, unageuza. Dereva anayesema mbili ana mchepuko njiani.

Dereva Mstaafu: Tajiri, usianze na kilomita, anza na geti la kiwanda. Gari ikipanga foleni saa 12 asubuhi Jumatatu, mara nyingi hadi mifuko 600 ipakiwe, turubai lifungwe na karatasi zitoke, ni saa 8 mchana, siku mbaya inalala hapohapo. Unaondoka, foleni ya Kimara hadi Kibaha inakula muda, mizani Vigwaza, saa 12 jioni upo Chalinze. Hapo dereva ana masaa 12 toka aanze kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia hapohapo, masaa 12 kwa siku pamoja na ovataimu, kisha apumzike masaa 12. Jumanne anatoka alfajiri, zimebaki kilomita kama 340, gari ya mzigo wastani wake 40 kwa saa ukiweka mizani na vijiji, ongeza saa na nusu ya kula na kupumzika njiani, anafika Dodoma saa 10 jioni. Vibarua wa ghala wameshaondoka. Jumatano asubuhi wanashusha, saa 6 mchana anageuza mtupu, analala Morogoro, Alhamisi saa 5 asubuhi yupo Dar. Hiyo tripu moja imekula siku tatu na nusu na hajakimbiza wala hajalala hovyo.

Mama Saruji: Mimi ndo napokea mzigo Dodoma, hapo kwenye kushusha ndo penyewe. Gari ikifika saa 10 jioni Ijumaa, mara nyingi inashushwa Jumamosi mchana, na kama vibarua hawajatosha inakaa mpaka Jumatatu. Hamtuambii gari inafika saa ngapi halafu mnatulaumu. Mkinipigia asubuhi gari ikiwa Gairo naweka watu wanasubiri.

Kijana wa Tipa: Mimi napiga tripu nne kwa siku mchanga kutoka Mkuranga, sijui mnalalamika nini.

Dereva Mstaafu: Kijana, wewe unalala kwako kila siku, huo ni mchezo mwingine kabisa. Tajiri, angalia hesabu. Ukisema aongeze mwendo toka wastani wa 40 mpaka 45, kilomita 450 zinashuka toka masaa kumi na moja na robo mpaka kumi. Umeokoa saa na robo kwa kumpandisha mtu presha, wakati kwenye foleni ya kupakia pekee umepoteza masaa nane. Muda uko getini na ghalani, barabarani ni kidogo.

Mzee wa Chalinze: Sawa ila huko getini dereva amelala ndani ya gari, hiyo si kupumzika? Ukitoa hayo masaa tripu mbili zinakaa vizuri tu na ya tatu unaisogeza. Na mimi kusema kweli natumia madereva wawili kwenye gari.

Dereva Mstaafu: Basi ungesema mapema, wawili ni habari nyingine, gari haisimami usiku! Na kusubiri si kulala, foleni ikisogea kila baada ya dakika ishirini unawasha unasogea, usiku saa 8 kwenye barabara ya Gairo ndo utajua kama ulilala. Ukianza kukuta umeshapita kijiji hukumbuki ulivyokipita, paki.

Wakili wa Ubungo: Hapo pana utata kweli, kama anawajibika kusogeza gari ni ngumu kusema yuko mapumzikoni. Ila wengine watabisha, na mikataba mingi haigusi kabisa kusubiri. Halafu mnasahau masaa 24 ya mapumziko ya wiki, huyo aliyerudi Alhamisi akipakia tena mchana anarudi Jumapili, Jumatatu asubuhi hatakiwi foleni.

Tajiri Mpya wa Mbagala: Kwa hiyo kwa dereva mmoja nipange tatu kwa wiki mbili? Maana mkopo wa gari nimeupigia hesabu kwa mbili kila wiki. Nikinunua tela ya pili ipakiwe wakati kichwa kipo njiani je?

Dereva Mstaafu: Tatu kwa wiki mbili ndo uhakika, mbili kila wiki zinatoka getini pakiwa pazuri na Mama Saruji akiwa na vibarua, ila kila mara unakula Jumapili ya dereva. Tela ya pili inaokoa ile siku ya foleni, lakini uliza kiwanda kwanza kama wanapakia tela isiyo na kichwa, kwingine hawakubali. Na uhesabu mzigo wa kurudi: mahindi ya Kibaigwa yanakuongezea siku nzima ila tripu yenyewe inalipa pande zote mbili, mi ningechagua hiyo kuliko ya tatu.

Mzee wa Chalinze: Mahindi hayo ni ya msimu lakini. Miezi mingine utarudi mtupu tu.