Ulinganisho: njia ipi inafaa kupanga picha za muhtasari usiku wa kuamkia mtihani?

Mwanatabibu (saa 1:20 usiku)

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Kesho saa mbili asubuhi nina mtihani wa fiziolojia, keshokutwa ni famakolojia, na siku inayofuata ni biokemia. Muhtasari wangu wa muhula mzima umo kwenye simu, picha 346 zilizochanganyika. Baadhi nilizipiga mwenyewe darasani, baadhi nilizipiga kutoka daftari la mwenzangu aliyekubali kuniazima kwa usiku mmoja, na zilizobaki nilitumiwa kwa WhatsApp. Nataka kila somo liwe na folda yake kabla sijaanza kusoma.

Ninalinganisha njia tatu: kufungua picha moja baada ya nyingine na kuihamisha kwa mkono, kutumia utafutaji unaotambua maandishi yaliyo ndani ya picha, au kuzipanga kwa muda zilipopigwa, kisha kuzilinganisha na ratiba ya vipindi. Ipi itanimalizia kazi hii mapema bila kuniachia kurasa zilizopotea?

Shabaha (saa 1:31 usiku)

Chukua njia ya pili bila kusita. Mimi huandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafuta, na picha zote zenye neno hilo hujitokeza. Andika majina ya mada za fiziolojia, chagua zote zinazojitokeza, zihamishe, na kazi imekwisha. Kuhamisha kwa mkono ni kupoteza usiku.

Mwanatabibu (saa 1:44 usiku)

Ndugu Shabaha, nimejaribu kama ulivyoelekeza. Nilipotafuta neno «figo» nilipata picha 11, na zote ni za ubao wa projekta zenye herufi za chapa. Kurasa za daftari, ambazo ndizo nyingi, hazikujitokeza hata moja, ingawa ninajua kwamba zipo. Mchoro wa nefroni uliojaa mishale na alama za ioni haukuonekana pia.

Shabaha (saa 1:49 usiku)

Kumbe unazungumzia mwandiko wa mkono. Mihadhara yangu yote ilikuwa ya chapa. Hata hivyo, hizo 11 umezipata kwa sekunde chache, kwa hiyo njia yenyewe si mbovu.

Mtunza Kumbukumbu (saa 1:58 usiku)

Nimefanya kazi ya kupanga nyaraka kwa muda mrefu, na ningekushauri uanze na njia ya tatu, ingawa si kwa namna ulivyoieleza. Sisi watunza nyaraka tuna kanuni ya kuheshimu mpangilio wa asili: mafungu yanapotufikia, hatuyavunji kwa kufuata mada kabla ya kuelewa yalivyozaliwa, kwa kuwa mpangilio huo una habari ambazo ukurasa mmoja hauwezi kukupa peke yake. Kwako wewe, ukurasa usio na kichwa cha habari hauelezeki ukiwa umetengwa, lakini ukiwa katikati ya kurasa mbili zilizopigwa sekunde chache kabla na baada yake, unajulikana mara moja.

Kwa hiyo usiamue picha kwa picha. Panga zote kwa jina la faili, kwa sababu kamera nyingi za simu huandika tarehe na saa katika jina lenyewe, kwa mfano `IMG_20250311_141205.jpg`, na kupanga kwa jina kunakuwa sawa na kupanga kwa muda. Usipange kwa tarehe ya kubadilishwa kwa faili, kwani tarehe hiyo inaweza kugeuka faili linapohaririwa au kupakuliwa upya, na hapo mfuatano wote unavurugika. Kisha tafuta mianya. Ukiona picha 14 zilizopishana kwa sekunde kumi au ishirini, halafu pengo la saa nzima, hapo pana mpaka. Fungua picha ya kwanza na ya mwisho ya fungu hilo. Zikiwa za somo moja, hamisha fungu zima. Mara nyingi huna haja ya kuzifungua zilizo katikati.

Jambo moja dogo kuhusu ratiba: faili lililoandikwa 141205 lilipigwa saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Ukiwa umechoka ni rahisi kuisoma 14 kama saa ya ratiba na kuangukia kipindi kisicho chako.

Fundi wa Mafaili (saa 2:06 usiku)

Ninakubaliana na mzee hapo juu. Ukiwa na kompyuta yenye programu ya exiftool, amri hii hunakili picha kwenye folda za kila siku kwa kusoma tarehe iliyohifadhiwa na kamera ndani ya picha, na za awali hubaki mahali pake:

```
exiftool -o . -d %Y-%m-%d "-Directory<DateTimeOriginal" picha
```

Picha zisizo na tarehe hiyo hazitaingia kwenye folda za siku. Picha zilizotumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida huwa zimeondolewa taarifa za kamera, na jina lake huwa kama `IMG-20250318-WA0031.jpg`. Tarehe hiyo si ya kupigwa kwa picha, na namba ya mwisho haikuhakikishii mfuatano wa kurasa.

Mtunza Kumbukumbu (saa 2:10 usiku)

Amri ni nzuri, lakini kama programu hiyo haimo tayari kwenye kompyuta yake, usiku huu si wa kuisakinisha. Kupanga kwa jina kunatosha.

Karani Mstaafu (saa 2:15 usiku)

Mwanangu, mimi huwashauri vijana watoboe karatasi na kuzifunga kwa jalada la pete, kila somo na rangi yake. Karatasi zikipangwa namna hiyo hazichanganyiki kamwe.

Mwanatabibu (saa 2:18 usiku)

Shikamoo mzee wangu. Karatasi zenyewe ni za mwenzangu na nilikwisha kuzirudisha; nilichobaki nacho ni picha tu.

Ndugu Mtunza Kumbukumbu, njia yako imefanya kazi kwa picha za darasani, ambazo sasa zimo katika folda zake. Nimekwama kwenye daftari la kuazima. Kurasa zake 38 zilipigwa usiku mmoja ndani ya dakika tisa, bila mwanya wowote, na ratiba haisemi lolote kuzihusu. Ya kwanza ni fiziolojia na ya mwisho ni famakolojia.

Mtunza Kumbukumbu (saa 2:27 usiku)

Hapo mpaka hauko kwenye saa, uko kwenye daftari. Wanafunzi wengi hutumia daftari moja kwa masomo mawili, somo moja kuanzia mbele na jingine kuanzia nyuma kwa kuligeuza juu chini. Angalia vijipicha bila kuvifungua. Daftari lenye mistari huwa na nafasi pana isiyo na mistari upande wa juu. Tafuta mahali ambapo nafasi hiyo inahamia chini ya maandishi. Hapo ndipo mwenzako alipoligeuza. Kama ulipiga picha kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma bila kugeuza daftari, kurasa za somo la pili zitaonekana kichwa chini na zitakuwa zimefuatana kinyumenyume, yaani ya mwisho kupigwa ndiyo ya kwanza kusomwa.

Mwanatabibu (saa 2:39 usiku)

Ndivyo ilivyo hasa. Mpaka uko kwenye picha ya 23, na kuanzia hapo kila ukurasa umesimama kichwa chini. Sasa zimebaki picha za WhatsApp zipatazo 30, miongoni mwake kurasa tisa za figo zisizo na vichwa wala namba. Sijui zipi ni fiziolojia na zipi ni famakolojia, wala sijui ipi inatangulia.

Daktari wa Zamu (saa 2:52 usiku)

Nimetoka wodini sasa hivi, kwa hiyo nitajibu hili moja. Figo lina mpangilio wake, utumie. Karibu kila mwalimu hulifundisha kwa kufuata njia ya mkojo: glomerula, mrija uliopinda wa karibu, kitanzi cha Henle, mrija uliopinda wa mbali, kisha mrija wa kukusanya. Ukurasa unaosema kwamba takriban theluthi mbili ya sodiamu hufyonzwa tena ni wa mrija wa karibu, hivyo unatangulia. Wenye mchoro wa NKCC2 ni wa mkono mnene unaopanda wa kitanzi, na unafuata. Wenye NCC ni wa mrija wa mbali. Unaotaja aldosteroni na homoni ya kuzuia mkojo uko mwishoni.

Kuhusu somo, usiangalie kama dawa imetajwa, bali angalia ukurasa unajibu swali gani. Furosemidi huzuia NKCC2, kwa hiyo mwalimu wa fiziolojia anaweza kuiweka pembeni kama mfano huku ukurasa wote ukieleza jinsi sodiamu inavyosafirishwa. Huo ni wa fiziolojia. Ukurasa ukiwa na vipimo kwa miligramu, matumizi, na madhara kama kupungua kwa potasiamu mwilini, ni wa famakolojia hata kama umeanza na mchoro uleule.

Muuguzi Mwanafunzi (saa 3:05 usiku)

Samahani kwa kuingilia. Mimi niliacha folda za masomo nikaweka za viungo: moyo, mapafu, figo, ini. Ukurasa wa furosemidi unakaa kwenye figo na hakuna haja ya kugombania ni wa somo gani. Kwa nini asifanye hivyo?

Daktari wa Zamu (saa 3:11 usiku)

Dada, kwa kusoma wodini utaratibu wako ni bora kuliko wake. Kwa mtihani wa kesho utamlazimisha kufungua kila folda ya kiungo na kuruka kurasa za famakolojia na biokemia, na mada za biokemia kama mzunguko wa Krebs hazina kiungo cha kukaa.

Muuguzi Mwanafunzi (saa 3:14 usiku)

Zangu niliziweka kwenye folda ya «seli», na sijawahi kupotea. Bado sijashawishika.

Fundi wa Mafaili (saa 3:20 usiku)

Kwa kurasa zinazodaiwa na masomo mawili, albamu ya programu ya picha ina faida kuliko folda. Picha moja inaweza kuonekana katika albamu mbili bila kunakiliwa, ilhali faili hukaa kwenye folda moja tu mpaka ulinakili. Tahadhari ni moja: kuiondoa picha kwenye albamu si sawa na kuifuta. Ukibonyeza kufuta, inatoweka kote.

Mwanatabibu (saa 3:41 usiku)

Nimefuata njia ya mrija. Kurasa tano kati ya tisa ni za fiziolojia na zimejipanga bila utata, tatu ni za famakolojia. Ya tisa ina mchoro wa NKCC2 nusu ya juu na jedwali la dawa nusu ya chini, kwa hiyo nimeiweka katika albamu zote mbili. Picha nyingine za WhatsApp, 21 kwa jumla, hazimo bado katika folda yoyote, lakini vijipicha vinaonyesha michoro ya vimeng'enya tu.

Daktari wa Zamu (saa 3:46 usiku)

Hizo ni biokemia au zitakuwa biokemia ukizifungua, na mtihani wake si kesho. Ziache zilipo, fungua folda ya fiziolojia, na uanze na moyo.

Shabaha (saa 3:50 usiku)

Na zile 11 za ubao, usisahau kuziunganisha na kurasa za figo. Ndizo zenye michoro iliyo wazi zaidi.