Mlioacha sigara, mapigo ya moyo yalikuwaje? Tupeane uzoefu

Kitumbua_Moto
Leo kwenye daladala kijana alikaa pembeni yangu ameshika kifua, anatetemeka. Anasema ana siku ya nne bila fegi na moyo unamdunda kama ngoma. Nikajikumbuka miaka miwili iliyopita. Mimi nilipoacha mapigo yalishuka kutoka 86 hadi 75, ila siku za mwanzo nilihisi kabisa kwamba nakufa. Wenzangu mliopitia haya, njooni.

Baba_Shamimu
Mimi sijaacha, ila Ramadhani hunifundisha. Mwaka huu nilikuwa na mashine ya presha ya mama nyumbani. Kabla ya adhana mapigo 72. Nimefuturu, nimetoka nje na fegi moja tu, nikarudi kupima: 95. Kichwa kinazunguka, nikashika ukuta. Mwezi mwingine wowote sigara ya jioni sihisi chochote.

Dada_wa_Wodi
Baba Shamimu, hapo umejipima vizuri kuliko wengi. Nikotini huamsha adrenalini, na moyo unaongeza mwendo ndani ya dakika chache, kwa kawaida mapigo 10 hadi 20. Ukivuta kutwa nzima mwili unazoea kiasi, lakini mapigo hayarudi yalipotakiwa kuwa, yanabaki juu hadi ulale. Ukifunga kutwa, nikotini nyingi inakuwa imeshatoka, ndiyo maana ile ya kwanza inakupiga vibaya. Fegi ya kwanza asubuhi ni vilevile.

Mzee_Kijiwe
Ndiyo maana nasema kuacha ghafla ni hatari. Moyo umezoea, ukiunyima unapanda. Arosto inaua watu. Punguza moja moja.

Dada_wa_Wodi
Hapana mzee wangu. Hiyo ni ya pombe: mlevi wa kila siku akiacha ghafla mapigo yanapanda kweli, na inaweza kumuua. Arosto ya nikotini inaleta hasira, wasiwasi na kukosa usingizi, lakini mapigo kwa wengi *yanashuka*, karibu 10 kwa dakika, tena tangu siku za mwanzo.

Mzee_Kijiwe
Basi yule kijana wa daladala anadanganya? Mimi mwenyewe niliacha mwaka 2011 nikaona moyo unaruka. Nilirudia kuvuta, ukatulia. Usinifundishe kilichotokea kifuani kwangu.

Fundi_Raskazone
Mzee hadanganyi, na dada pia hadanganyi. Ngojeni niwasimulie, maana haya yalinipeleka hospitali usiku wa manane.

Mimi ni fundi seremala hapa Tanga. Fegi 18 kwa siku, miaka 15. Niliacha siku ya Jumatatu, ghafla, baada ya binti yangu kukataa nimbusu kwa sababu ya harufu. Mapigo nimekaa kimya yalikuwa 88. Jumatano nikapima 81, nikafurahi. Sasa sikilizeni nilichofanya. Mkono ulikuwa mtupu, nikaona bora niendelee kushika kikombe. Barazani kwetu kahawa chungu vikombe sita asubuhi ilikuwa kawaida yangu, na sita jioni. Sikuongeza hata kimoja, naapa. Ila Ijumaa usiku nililala saa tano, nikaamka saa saba moyo unagonga hadi masikioni. Vidole vinatetemeka. Mashine ikasema 112. Mke wangu akaanza kusoma Yasini. Shemeji akaleta bajaji.

Wakanibandika waya kifuani, wakasema moyo hauna tatizo, ni wasiwasi tu, nikapewa dawa ya usingizi nirudi nyumbani. Hakuna aliyeniuliza nakunywa nini. Jumamosi asubuhi nikaenda barazani kama kawaida, na usiku ikarudi vilevile, 108. Nilikuwa nimeshashika fegi mkononi, kiberiti sina. Hicho kiberiti kisichokuwepo ndicho kilichoniokoa.

Jumapili nilikutana na tabibu mmoja msikitini. Swali lake la kwanza: "Kahawa vikombe vingapi?" Akaniambia moshi wa sigara hulifanya ini liitoe kahawa mwilini haraka. Ukiacha, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vilevile 12 vinakuwa kama 24 ndani ya damu. Nikabaki na vinne, vyote kabla ya adhuhuri. Siku ya tatu 84, mwezi mmoja 77, leo mwezi wa tatu asubuhi kabla sijainuka kitandani ni 73.

Kitumbua_Moto
Subhanallah. Yule kijana alikuwa ameshika kikombe cha kahawa!

Mzee_Kijiwe
2011 nilikuwa nauza kahawa. Hilo sikulijua. Lakini bado nasema kupunguza ni bora.

Mama_Imani
Samahani kuingilia. Mume wangu ameacha wiki mbili sasa, kahawa hanywi kabisa, lakini moyo unamwenda mbio na anatapika. Presha yake ni nzuri. Ana pumu, anameza aminofilini.

Dada_wa_Wodi
Mama Imani, mpeleke leo, usisubiri kesho, na chukueni dawa zenu mkononi. Aminofilini hutolewa na ini kwa njia ileile ya kahawa. Kipimo kilichomfaa akiwa anavuta kinaweza kuwa kikubwa mno sasa. Waambieni mlangoni kabisa kwamba ameacha sigara, wasipouliza.

Mama_Imani
Tunatoka sasa.

Vepu_Kijana
Mimi nimehamia vepu, hakuna moshi, kwa hiyo haya hayanihusu. Mbona saa yangu ya mkononi inaonyesha mapigo 90 mchana kutwa?

Fundi_Raskazone
Chupa yako imeandikwa ngapi, mdogo wangu?

Vepu_Kijana
50mg. Navuta kidogo kidogo tu, hata kitandani.

Dada_wa_Wodi
Sigara inaisha, unaizima. Hiyo haiishi, kwa hiyo moyo haupati nafasi ya kushuka. Angalia mchoro wa usiku kwenye saa: nahisi mapigo yanachelewa sana kushuka baada ya kulala. Na kahawa inakuhusu pia, maana kinacholiharakisha ini ni moshi, nikotini haifanyi hivyo. Ulipoacha moshi, kahawa imekuongezekea damuni wakati nikotini bado inausukuma moyo.

Vepu_Kijana
Nimeangalia. Nalala saa sita, yanafika 68 saa kumi alfajiri. Sikuwahi kutazama hapo.

Mkimbiaji_Moro
Mimi ni kinyume chenu. Nimeacha miezi minne, nakimbia, sasa nasoma 54. Nirudishe moja mbili zipande?

Dada_wa_Wodi
Usirudishe! Kama huoni kizunguzungu wala kuzimia, 54 kwa mkimbiaji ni kawaida. Na wote mnaopima: kaa dakika tano bila kuongea, usiwe umetoka kunywa chochote, halafu hesabu dakika nzima kwa vidole kwenye kifundo cha mkono. Mashine inakosea kama mapigo yanarukaruka. Yakiwa juu ya 120 umekaa tu, au kifua kinabana, au unazimia, hapo nendeni hospitali bila kujali kahawa.

Bibi_Ngamiani
Swali langu halijaguswa. Nimeacha ugoro siku 40, chai tu ya asubuhi, na bado usiku moyo unaruka pigo moja kisha unaendelea. Nikihesabu napata 70. Waya za kifuani nimewekwa mchana, hazikuona kitu.

Dada_wa_Wodi
Bibi, mchana unaweza kuukosa. Omba kile kipimo cha kuvaa saa 24. Hapa siwezi kukuambia ni nini.

Mama_Imani
Tumefika. Wamepima damu, wamesimamisha dawa kwanza. Mapigo 128. Wanasema tulale hapa.