Aliyerusha dumu

Shangazi: Shikamooni wakubwa. Jana sikulala. Kijana wangu aliyejitosa mtoni kumwokoa mwenzake anaitwa shujaa, na yule wa tatu aliyebaki ukingoni wanamcheka kuwa mwoga. Hili limeniuma.

Kaka: Lakini shangazi, shujaa haogopi. Mmoja aliruka, mwingine alisimama.

Mjomba: Hakusimama. Alichukua dumu tupu, akalikaza kifuniko, akalifunga kamba na kulirusha. Wote wawili walitoka kwa kulishika hilo. Anayezama hukukumbatia na kukukandamiza chini ili yeye apate pumzi. Ukimfuata mikono mitupu, mnakuwa wawili wa kuokolewa.

Bibi: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Kaka: Bibi naye kamwita mwoga 😂

Mjomba: Mama, marahaba ya methali, lakini mwoga angekimbia. Huyu mikono ilikuwa inamtetemeka, wamesema wenyewe. Kaka, asiyeogopa kwa sababu hajui kina cha maji ana ujasiri gani? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona hili zamani: mwenye pupa hukimbilia hatari kabla haijafika, ikifika anarudi nyuma. Jasiri huwa mtulivu kabla, kisha huwa mkali kazi ikianza.

Kijana: Ni kweli mjomba. Nilipofika katikati nilitaka kurudi. Niliruka kwa sababu wote walikuwa wananitazama, nikaona aibu.

Mjomba: Ahsante kwa kusema, mwanangu. Aibu hiyo si kitu kibaya. Inakaribia ujasiri kuliko woga unavyokaribia. Ila ulihitaji kujiuliza: naogelea kiasi gani, na kuna nini karibu cha kurusha?

Dada: Basi nami niulize langu. Mweka hazina wa kikundi chetu cha kuchangiana hesabu zake hazilingani. Mwezi wa tatu sasa nimenyamaza. Najiambia ni busara.

Kaka: Simama kikaoni umwumbue!

Mjomba: Bila daftari mkononi, hiyo ni pupa tena. Unaweza kumchafua mtu aliyekosea kujumlisha. Dada, unasubiri nini hasa?

Dada: Nilisema nasubiri risiti.

Mjomba: Umeziomba?

Dada: ... Hapana.

Mjomba: Hapo ndipo ninapoitofautisha busara na woga. Mwenye busara anayesubiri huwa na kitu anachokifanya wakati anasubiri, kama yule na kamba yake. Anza na kuziomba risiti, wewe na yeye peke yenu.

Dada: Naogopa atanichukia.

Mjomba: Anaweza kukuchukia kweli. Siwezi kukuahidi vinginevyo.

Shangazi: Na kama kusingekuwa na dumu wala kamba, mjomba wao? Mtoto anazama, wewe unaogelea kidogo tu?

Mjomba: Fimbo, khanga, chochote kirefu, ukiwa umelala kifudifudi ukingoni ili asikuvute. Kikikosekana kabisa, dada yangu, hapo sina jibu.

Bibi: Mimi ningeruka.

Shangazi: Nampigia simu mama wa yule wa dumu sasa hivi.